Sweta Yenye Mikunjo Miwili

Binti yule nilimrudisha mimi, kwa mdomo wangu huu huu, Dada akiwa amekaa hatua tatu nyuma yangu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunisemea. Mtaani kwetu kisa hiki kinasimuliwa kwa namna tano, na katika zote tano mimi ndiye mbaya. Haya. Na mimi nina mdomo wa kusimulia.

Tunafuma sweta za shule. Mama yetu ndiye aliyeianza kazi, kwenye chumba hiki hiki chenye madirisha mawili na sakafu ya saruji, na alipofariki akatuachia mashine mbili za kufuma za mkono, meza moja ndefu na masharti yake. Dada akakaa kwenye mashine, mimi nikakaa kaunta. Hatukuhitaji kikao kugawana. Dada kwa siku huongea maneno kumi, akizidisha sana kumi na mawili. Mimi mtaani naitwa Pilipili, na jina hilo sikulipata jikoni.

Sweta yetu ni ghali, sikatai. Mzazi akiisikia bei mara ya kwanza hushika kifua. Lakini tulia nikueleze anachokinunua. Kwanza ni sufu, si ule uzi wa nailoni unaoota vipele ukishafuliwa mara tatu. Halafu viwiko vimefumwa kwa nyuzi mbili pamoja, maana mtoto hulilalia dawati kwa viwiko mwaka mzima. Na kubwa kuliko yote ni mikono. Kila mkono tunaufuma mrefu kuliko mkono wa mtoto, kisha ule urefu uliozidi tunaukunja kwa ndani mara mbili, juu kidogo ya pindo, na kila mkunjo tunaushikiza kwa uzi mmoja uliolegezwa. Kwa nje unaona mistari miwili tu, tena hafifu. Mtoto akikua, mwaka wa pili anakuja, uzi unakatwa na kuvutwa, mkunjo wa kwanza unafunguka, inapigwa pasi ya mvuke, kwisha. Mwaka wa tatu unafunguliwa wa pili. Kiunoni vivyo hivyo. Sweta moja, miaka mitatu, na kukunjuliwa ni bure.

Bure, na bila kuulizwa swali. Hilo ndilo lilikuwa sharti la Mama. Hakutaka kusikia habari ya risiti wala orodha ya wateja. Alikuwa akisema sweta yako utaijua tu ikiingia mlangoni.

Basi wiki ya kufungua shule ungekuja uone foleni. Ilianzia kwenye meza, ikatoka nje, ikapita duka la vifaa vya kuandikia, ikakunja kona. Dada alikuwa amepigilia msumari mmoja ukingoni mwa meza. Mtoto anaweka kiwiko kwenye msumari, ananyoosha mkono juu ya meza. Dada anasema, "Mkono," anatazama pindo limeishia wapi, anajua la kufanya. Futi hakuigusa. Watoto walimwita Mama Mikono.

Dada hakujaaliwa mtoto. Aliolewa, akaachwa kwa sababu hiyo, akarudi nyumbani na sanduku moja, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Ila wiki hiyo moja kila mwaka alikuwa anavaa gauni lake la buluu, anajipaka mafuta mpaka kwenye vidole, na anafungua mlango kabla yangu. Watoto wote aliwajua kwa mikono. "Huyu ameongeza vidole vitatu!" anasema, na uso mzima unacheka. Halafu anarudi kwenye mashine kusubiri mwaka mwingine.

Ndipo akaja Bei-Poa.

Jina lake halisi analo, lakini mtaa ulishamtafutia lingine. Zamani alikuwa akiuza mabeseni. Akakodi chumba ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango, na asubuhi ya kwanza akatundika nje sweta za shule. Kijani ile ile. Nembo ile ile kifuani. Mistari miwili ile ile mikononi! Na kadi ya bei imeandikwa kwa tarakimu kubwa hata asiye na miwani asome. Haikufika nusu ya bei yetu.

Damu ilinichemka. Nilivuka barabara na mkanda wa kupimia bado uko shingoni, nikanunua moja. Alinifungia kwa adabu zote. "Karibu tena, mama," akasema, na alijua fika mimi ni nani.

Tukailaza mezani. Dada akaigeuza ndani nje. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye jora la kitambaa kilichofumwa kiwandani, kingo zikapigwa cherehani ya ovaloki zisifumuke. Kiwiko uzi mmoja. Nailoni tupu. Na ile mistari miwili ya mikononi ilikuwa ya kushonwa tu juu juu; kwa ndani hamkuwa na mkunjo wala kitambaa cha ziada. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mtu amenakili mstari, kilichouleta mstari hakujua ni nini!

"Mwaka mmoja tu," nikamwambia Dada. "Wacha wanunue. Mwaka kesho watoto wamekua, sweta zimewaishia kwenye viwiko, watarudi hapa wenyewe wameinamisha vichwa."

Dada hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ile mistari. "Kwa nje huwezi kujua," akasema.

Shule zilipofunguliwa mwaka uliofuata, foleni ilikuwa ndefu kuliko miaka yote, na mimi nikavimba kichwa. Nikasimama mlangoni nimeshika kiuno ili Bei-Poa anione. Ndani Dada alikuwa anakwenda kwa mwendo wake: mkono, mkasi, uzi, pasi. Mwendo wa miaka ishirini. Akafika mtoto wa mama mmoja mfua nguo, kabinti kembamba, mikono mirefu. Dada akasema, "Mkono," akaona mistari yake miwili, akapitisha mkasi.

Pindo zima likabaki mkononi mwake.

Yule aliyewahi kukata kitambaa cha kufumwa anajua kinachofuata. Ukiikata ile ovaloki, vitanzi vya uzi havina kinachovishika. Vinaanza kukimbia kimoja baada ya kingine. Dada alijaribu kuvikamata kwa sindano huku mtoto anatazama mkono wa sweta yake unapanda juu wenyewe. Akaangua kilio. Mama yake akaingia kutoka nje, na alikuwa na sauti, yule mama!

"Mmemharibia mwanangu sweta! Nimeinunua hata mwaka haujaisha! Mnaharibu makusudi kwa kuwa si yenu!"

Nikafungua mdomo nimpe vipande vyake. Dada alikuwa ameshasimama. Akachukua sweta mpya kwenye rafu, yetu, yenye mikunjo miwili, akamvisha mtoto, akamfuta machozi kwa ncha ya gauni la buluu.

"Dada!"

"Nimekata mimi," akasema.

Kuanzia hapo alizigeuza kwanza zote kabla ya kukata. Na unadhani zile za Bei-Poa alizirudisha? Wapi! Aliziweka pembeni, na mchana, mimi nikila, yeye anakaa kwenye mashine anafuma mapindo marefu kwa sufu yetu na kuziungia. Sweta za Bei-Poa zinarefushwa na sisi, kwa uzi wetu, bure. Haukupita muda nikasikia kwa masikio yangu mama mmoja akimshauri mwenzake hapo hapo kwenye kaunta yangu: "Ya nini kutoa hela yote hiyo? Nunua kwa Bei-Poa, mwakani mlete kwa Mama Mikono, anairefusha." Amesema hivyo ameegemea kaunta yangu!

Katikati ya mwaka, nilikuwa nauza nusu ya nilizokuwa nauza zamani. Rafu zimejaa, mashine ya pili imefunikwa shuka.

Nilikwenda kwa Bei-Poa. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake, nikamwita na mengine. Akaningoja nimalize, akanivutia kiti. Sikukaa.

"Mama, mimi nauza sweta," akasema taratibu. "Nyie mnauza miaka mitatu. Miaka mitatu ni kitu kizuri. Lakini mtu anayelipwa kwa siku, miaka mitatu ataitoa wapi kwa mpigo?"

Nikavuka barabara kurudi kwangu, na maneno yale yakaniuma zaidi ya ule wizi.

Nyumbani tulijadili. Niseme nilijadili, Dada alisikiliza. Kushusha bei hakukuwezekana: sufu peke yake, kabla hata ya kuipandisha kwenye mashine, inakaribia bei anayouzia yeye sweta nzima. Kubadilisha uzi, tufume nailoni? Tukishuka hadi kule tutamkuta ameshafika zamani, ana kiwanda nyuma yake, na sisi tuna mikono minne. Tena ukishashusha, mwakani utapandishaje? Mzazi atakuuliza kwani siku zote ulikuwa unamla. Hapana. Bei inabaki pale pale. Lakini anayelipa bei hiyo lazima apate kitu ambacho asiyelipa hakipati. Na kitu chenyewe sisi tulikuwa tunakigawa mlangoni kwa kila mpita njia.

"Kadi," nikasema. "Kila sweta inashonewa kitambulisho ndani, na mwenye nayo anapewa kadi. Kukunjuliwa ni kwa kadi."

"Na asiye na kadi?"

"Aende alikonunulia."

Dada akawa anakunjakunja ukingo wa kitambaa cha meza. "Mkono ni wa mtoto," akasema. "Hakununua yeye."

"Dada, tukiendelea hivi mwaka kesho tunafunga. Tukifunga hakuna foleni, hakuna msumari, hakuna Mama Mikono. Unataka hivyo?"

Akanyamaza. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Mtu akikaa miaka yote na asiyeongea, anazoea kumjibia.

Nikatangaza miezi miwili: mwenye sweta yetu ya zamani ailete, niigeuze, niione mikunjo, nimpe kadi. Walikuja wengi. Kisha Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano wa wazazi, kwa sababu maneno ya sweta yalikuwa yameshafika shuleni. Nilikwenda na sweta mbili kwenye mfuko. Moja ya Bei-Poa ya mwaka mmoja, viwiko vimetoboka, vipele kifuani. Ya pili yetu, ya mwaka wa tatu, mikunjo yote imefunguliwa. Nikazipitisha dawati kwa dawati, watu wazishike. Nikawaambia wazidishe wenyewe: ya kwake mara tatu, ya kwetu mara moja. Ukumbi ukaguna. Bei-Poa alisimama akarudia maneno yake yale yale kuhusu mtu anayelipwa kwa siku, na ukumbi ukaguna tena, safari hii kwa upande wake.

Mwalimu Mkuu, mama wa makamo mwenye kupima kila neno, akasema shule haiwezi kumlazimisha mzazi duka. Orodha ya sare itaandika rangi na nembo, basi. "Lakini," akaongeza, "sioni ubaya kuwaeleza wazazi ipi inakunjuliwa na ipi haikunjuliwi." Mzazi mmoja akauliza kama anaweza kutulipa kidogo kidogo kuanzia sasa, achukue sweta shule zikifunguliwa. Nikakubali pale pale.

Na ilifanya kazi! Sitajidhalilisha kwa kusema haikufanya. Wateja hawakurudi wote, lakini walirudi theluthi mbili, na kwa bei yetu. Sikushusha hata senti. Shuka la mashine ya pili likatoka. Bei-Poa akaendelea na wake, mimi na wangu, na nikivuka barabara nilikuwa namsalimia.

Wiki ya kufungua shule ikafika. Dada akavaa gauni la buluu. Foleni ilikuwa fupi, haikufika hata duka la vifaa vya kuandikia, lakini kila mtoto alikuwa na kadi yake, na mimi nikasimama mwanzo wa meza nikizipokea. Waliokuja bila kadi niliwarudisha kwa upole. Mwanzoni kwa upole. Jua lilipopanda nilikuwa nimechoka, nimeshagombana na akina mama wawili, koo limekauka.

Ndipo akaja yule kabinti wa mfua nguo, peke yake. Nilimtambua mara moja. Nani angeisahau ile sauti ya mama yake? Akasema shikamoo vizuri, akapita pembeni yangu, akaweka kiwiko kwenye msumari kama alivyozoea.

"Kadi," nikasema.

"Sina."

"Mama yako hakukuambia kuna kadi?"

"Alisema kadi ni za walionunua. Sisi hatukununua."

Nisikilize vizuri hapa. Alisema ukweli mtupu, neno kwa neno. Na mimi kichwani nilikuwa na picha moja tu: pindo la nailoni mkononi mwa Dada, na mama anapiga kelele. Kwamba mtoto yule aliondoka mlangoni kwetu amevaa sweta yetu, hilo lilinitoka kabisa. Sikuigeuza. Mimi niliyegeuza mamia ya sweta miezi miwili mfululizo, hiyo moja sikuigeuza.

"Basi kama hamkununua, hapa unafuata nini?" nikasema, tena kwa sauti, ili na waliokuwa nyuma wasikie. "Hapa ni kwa waliolipa. Za Bei-Poa hatukunjui. Toa mkono wenzako wapite."

Watoto wawili watatu wakacheka. Kabinti akauondoa mkono kwenye meza. Akauvuta mkono wa sweta ufunike kifundo, haukufika, akaukunja mkono wenyewe kifuani akatoka.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinaanguka.

"Ile nimeifuma mimi," Dada alisema. Mkasi bado mkononi, akatoka mbio mpaka barabarani, mwanamke wa umri ule, watu wanampisha. Mtoto alishapotelea kwenye kundi la sare za kijani. Dada akasimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akamzomea.

Jioni alikwenda kuwatafuta kwao. Aliporudi aliweka juu ya kaunta furushi la gazeti. Lilikuwa na sweta, na kando yake bonge la uzi wa kijani. Mama mtu alijaribu kuikunjua mwenyewe, kwa wembe. Hakujua uzi wa kukata ni upi. Alikata sufu yenyewe, na kila alipovuta ili kurekebisha, mkono ukazidi kufumuka, hadi kwenye kiwiko.

"Mama yake aliniomba radhi," Dada akasema. "Yeye. Kaniomba radhi mimi."

Aliufuma upya ule mkono usiku ule ule, akaifua sweta, kesho yake akaikausha, akaipiga pasi, akaipeleka. Akarudi nayo. Walikuwa wameshanunua nyingine, alisema, kwa Bei-Poa, na mama mtu alishukuru sana ila hakuipokea. Dada akaiweka kwenye rafu ya juu. Nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Si angeniambia tu?" na nikajisikia nilivyo mjinga kabla sijamaliza.

Dada hakugombana nami. Laiti angegombana! Alifuma oda zote za mwaka ule, hakuacha hata moja, kazi safi isiyo na doa. Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana akaifunika mashine yake kwa shuka, akafunga ncha zote nne, akakaa mbele yangu.

"Nakwenda kwa Bei-Poa," akasema.

Nilidhani ni utani, na Dada hajui utani.

"Nimemwambia aagize mikono mirefu, waache kitambaa ndani. Mkunjo mmoja tu, viwanda vyao haviwezi miwili. Amekubali. Bei itapanda kidogo. Mimi nitakunjua."

"Umempa?" Nikasimama. "Umempa kitu cha Mama? Dada, hicho ndicho tulichokuwa nacho! Sufu anaweza kuinunua, nembo kaiiba, kilichobaki kwetu ni hicho tu! Miaka miwili nimepigana usiku na mchana kwa ajili ya nani? Si kwa ajili yako? Si ili ile wiki yako ibaki?"

"Najua," akasema. "Ulipigana vizuri."

"Basi?"

Nilidhani maneno yake ya siku yameisha. "Wewe ulidhani nafuma, halafu ndio nakunjua," akasema. "Mimi nilikuwa nafuma ili nipate kukunjua."

Alihama na lile sanduku moja alilorudi nalo kutoka kwa mume. Akapanga chumba nyuma ya duka la Bei-Poa. Nililia siku tatu, nikaajiri wafumaji wawili, wasichana hodari, na sweta zetu hazikupoteza kitu. Bei ni ile ile mpaka leo. Wapo wazazi wanaoijua sufu na wanaoipenda, na wataendelea kuwepo. Wachache, lakini wapo.

Shule zikafunguliwa tena, mwaka wa pili tangu Dada ahame. Kufikia saa sita nilikuwa nimepokea kadi tisa. Msichana wangu mmoja anakunjua vizuri, polepole, kwa futi. Kila nilipoinua macho niliona foleni ng'ambo. Ilianzia mlangoni kwa Bei-Poa, ikapita benki, ikakunja kona.

Saa tisa nikamwachia msichana kaunta, nikavuka. Sikujua nakwenda kusema nini. Kwenda moja kwa moja mbele niliona aibu, kwa hiyo nilisimama kwenye foleni, mtu mzima katikati ya sare za kijani. Aliyekuwa mbele yangu akageuka. Ni yule kabinti wa mfua nguo, amevaa ya Bei-Poa, ile yenye mkunjo, ameshanikaribia begani.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

Akasogea pembeni kidogo ili nipate nafasi ya kusimama kivulini. Sikuweza kumtazama tena.

Dada alikuwa na gauni la buluu. Bei-Poa alikuwa amemtengenezea meza ya mbao mpya, na ukingoni kulikuwa na msumari. Alikuwa ameinama, hatazami nyuso, anatazama mapindo. Alimmaliza yule binti, akamwambia ameongeza vidole vinne, akacheka naye. Binti akaondoka anauangalia mkono wake.

"Mkono," Dada akasema.

Nikaweka kiwiko kwenye msumari. Nilikuwa nimevaa ile sweta yangu ya kijivu ya kazini, aliyonifumia mwenyewe, nikanyoosha mkono juu ya meza. Akaliona kovu la pasi niliyojiunguza nikiwa na miaka kumi, siku Mama alipomwachia anitazame. Hakuinua uso. Alilishika pindo langu, akaligeuza, akatazama ndani, akalirudisha. Vidole vyake vilikuwa na mafuta.

"Wewe umeshakua, Pilipili," akasema. "Hapa hakuna cha kukunjua."

"Rudi nyumbani, Dada."

Ndipo akainua uso. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu. "Na hawa?" akauliza.

Nikageuka. Walikuwa arobaini, labda hamsini, wamefika mpaka kona, hakuna mwenye kadi. Na Mungu anisamehe, kichwa changu kilianza kupiga hesabu pale pale: nikiwafungulia hawa, yule aliyelipa bei yangu amelipia nini? Na asipolipa yeye, sufu nainunua na nini, wale wasichana wawili nawalipa na nini? Nilihesabu na kuhesabu, na kila nilipoishia, foleni hii haikuingia kwenye chumba cha Mama. Dada alinisubiri. Alinipa muda wa kutosha kabisa.

Nikabaki natazama msumari.

Akaniachia mkono polepole, akaulaza juu ya meza. Kisha akampigia jicho kijana mdogo aliyekuwa nyuma yangu, aliyekwisha kupandisha mkono wa sweta tayari.

"Mkono," akasema, na mimi nikatoka ili apite.